Pasi ya kifua, stadi za msingi au kisomo cha mwili: lengo lipi uliandike kwenye andalio la somo la michezo?

Chukua darasa la tano lenye wanafunzi 48, mipira minne ya netiboli (mmoja unavuja), uwanja wa vumbi na kipindi cha dakika 40. Toa dakika za kutoka darasani na za kunawa miguu, zinabaki kama 30 za kazi. Darasa la namna hii nimelifundisha kwa miaka mingi, na nimelifundisha kwa malengo ya aina tatu tofauti. Mada ilikuwa ileile, kurusha na kudaka mpira. Kilichobadilika ni sentensi moja tu kwenye andalio la somo, ile inayoanza na "Kufikia mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze...". Sentensi hiyo ndiyo iliyoamua nani atacheza na nani atasimama.

Nitazilinganisha njia hizo tatu, kisha niseme ningechagua ipi na kwa darasa lipi.

Kwanza neno lenyewe. Wazo la tatu nitakalolieleza, kwa Kiingereza physical literacy, linaitwa kwa namna nyingi, mimi naliita kisomo cha mwili. Wenye umri wanakumbuka Kisomo chenye Manufaa, elimu ya watu wazima iliyotaka mtu asiishie kwenye kutamka herufi, bali asome ili akitumie alichokisoma katika kazi na maisha yake. Nalipenda neno hilo kwa sababu tofauti ni ileile: anayejua herufi zote lakini hafungui kitabu tangu amalize shule hana kisomo chenye manufaa. Vivyo hivyo kuna watu waliopata alama nzuri za michezo shuleni na hawajakimbia hatua kumi tangu siku ya mahafali.

Njia ya kwanza: stadi ya mchezo

Hii ndiyo wengi wetu tulifundishwa nayo. Lengo linasema: mwanafunzi aweze kutoa pasi ya kifua kwa usahihi. Mwalimu anaonyesha: vidole nyuma ya mpira, viwiko karibu na mwili, hatua moja mbele, sukuma, viganja vimalizie vikitazama nje. Kisha mistari minne, kila mmoja una watoto 12 na mpira mmoja. Wa kwanza anarusha kwa kiongozi aliyesimama mbele, anarudishiwa, anampa anayefuata, anakwenda nyuma ya mstari. Dakika kumi za mwisho inachezwa netiboli, saba kwa saba.

Fanya hesabu. Zamu moja inachukua kama sekunde tano. Kwenye mstari wa watu 12, kila mtoto anapata zamu moja kwa dakika. Kwa dakika 20 za mistari amepata zamu 20, yaani sekunde 100 za kufanya kazi, na dakika 18 na ushei za kusubiri. Hapo tumechukulia kwamba mpira haudondoki, na sote tunajua unadondoka. Inapofika mechi, 14 wanaingia uwanjani na 34 wanakaa pembeni. Wanaoingia ni walewale wa timu ya shule, kwa sababu mwalimu anataka mechi ionekane mechi.

Njia hii ina nguvu zake. Iko wazi. Mthibiti ubora akija anaona lengo, anaona kazi, anaona kipimo. Kwa timu inayojiandaa na mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA sijaona njia nyingine ya kumfikisha mtoto mahali ambapo pasi inatoka yenyewe bila kufikiriwa: anahitaji kuirudia mara nyingi huku akisahihishwa na mtu anayejua.

Udhaifu wake hauko kwenye pasi ya kifua. Uko kwenye kitu ambacho lengo halikukitaja. Mwaka 1983 watafiti Tousignant na Siedentop waliandika kuhusu wanafunzi wanaojua kulikwepa somo la michezo bila kuvunja kanuni yoyote: wamevaa sare, wako kwenye mstari, hawapigi kelele, ila kila wanapokaribia mbele wanajirudisha nyuma kwa ujanja. Nilipoanza kuwatafuta kwenye darasa langu niliwaona sita kwa siku moja. Mmoja alikuwa msichana ambaye kwa mihula miwili nilikuwa nimemwandikia "nidhamu nzuri". Alikuwa anawaachia wenzake zamu kwa upole mkubwa. Nikamhesabia zamu zake siku ile: tatu, katika dakika 20.

Njia ya pili: stadi za msingi za mwendo

Hapa mchezo unawekwa pembeni kwanza. Hoja ni kwamba kabla ya netiboli au mpira wa wavu kuna mienendo ambayo michezo yote inaitumia: kukimbia, kuruka na kutua, kurukaruka kwa mguu mmoja, kurusha, kudaka, kupiga teke, kusimama kwa mizani. Mtoto asiyekuwa nayo anafungiwa mlango wa michezo mingi kwa wakati mmoja.

Lengo linaandikwa hivi: mwanafunzi aweze kurusha kwa mkono wa juu akionyesha vipengele vinne. Vipengele vyenyewe ni kurudisha mkono nyuma kwanza; kugeuza nyonga na bega ili ubavu usiorusha utazame shabaha; kupiga hatua kwa mguu wa upande wa pili, yaani anayerusha kwa kulia atangulize kushoto; na mkono uendelee kushuka kupita mwili baada ya kuachia. Hicho cha tatu kitazame zaidi kuliko vingine. Mtoto anayetanguliza mguu wa upande uleule wa mkono unaorusha hawezi kuzungusha nyonga, hivyo anarusha kwa bega peke yake na mpira unaanguka karibu. Mwalimu akiuona mguu tu, bila kutazama mpira, atajua.

Darasa la 48 linagawanywa vituo sita vya watu wanane: vifuko vya mchanga vya kurusha ukutani, mipira ya makaratasi ya kudakana wawili wawili, viboksi vya kuruka vilivyochorwa chini, kamba, na kadhalika. Dakika nne kwa kituo, jumla 24. Hakuna mstari mrefu, na vifaa vingi havinunuliwi.

Katika nchi nyingi mtu akisema kisomo cha mwili anamaanisha hii njia ya pili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Wakanada wamelisukuma wazo hili kuliko wengi. Wana kipimo kiitwacho CAPL-2 cha watoto wa miaka 8 hadi 12, na ndani yake kuna njia ya vikwazo, CAMSA, ambamo mtoto anaruka kwa miguu miwili, anateleza kwa ubavu, anadaka, anarusha, anaruka kwa mguu mmoja na kupiga teke. Mwisho anapewa alama kati ya 28: nusu kwa muda aliotumia, nusu kwa ubora wa mwendo. Kwa haki yao, kipimo chote hakiishii hapo. Kati ya alama 100, uwezo wa mwili una 30, shughuli za kila siku 30, hamasa na kujiamini 30, na maarifa 10. Ila walimu wengi wanaosikia habari zake wanachukua kipande cha vikwazo peke yake, kwa kuwa ndicho kinachoonekana na kupimwa kwa saa ya mkononi.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilichora njia ya vikwazo, nikapima, nikabandika majina ukutani kwa mpangilio wa alama. Wiki iliyofuata idadi ya "nimesahau nguo za michezo" iliongezeka, na wote waliosahau walikuwa nusu ya chini ya orodha.

Njia ya tatu: kisomo cha mwili chenyewe

Aliyelipa wazo hili umbo tunalolijua leo ni Margaret Whitehead, msomi wa Uingereza aliyekuwa mwalimu wa elimu ya viungo kabla ya kuingia kwenye falsafa. Aliliwasilisha mwaka 1993 kwenye kongamano huko Melbourne, Australia. Lilimkera jambo ambalo nasi tunalijua: elimu ya viungo ilikuwa inazidi kuwatumikia wachache wenye kipaji, na waliobaki wakawa watazamaji. Msingi wake ni wa kifalsafa, kwamba mwili si mkokoteni unaobeba kichwa kwenda darasani. Mtu ni kitu kimoja, na anaujua ulimwengu kwa kuugusa, kuusukuma na kutembea ndani yake.

Kwa maneno yanayotumika sana leo, kisomo cha mwili ni hamasa, kujiamini, uwezo wa mwili, pamoja na maarifa na uelewa, vinavyomfanya mtu athamini kushiriki shughuli za mwili maishani na achukue jukumu hilo yeye mwenyewe. Uwezo wa mwili ni mmoja tu kati ya vilivyotajwa, na hakuna kinachotangulia kingine. Na hakuna mstari wa kumalizia: kila mtu yuko safarini, mwenye kipaji na asiyekuwa nacho, mzee na mtoto, mwenye ulemavu na asiyekuwa nao. Anayefuatwa ni mtoto leo akilinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Orodha yangu ya ukutani ilikuwa kinyume kabisa cha wazo hili.

Darasani linakuwaje? Siku nilipolijaribu kwa uzito nililigawa darasa makundi manane ya watu sita, wanne dhidi ya wawili. Nilichora miraba kwa majivu, hatua nane kwa nane. Wanne wanapasiana, wawili wanajaribu kuuiba mpira; ukiibwa, aliyepoteza anabadilishana na aliyeiba. Mipira ilikuwa minne ya netiboli na minne ya soksi. Baada ya dakika nne nilipuliza filimbi na kuwaambia kila kundi linaweza kubadili kitu kimoja: ukubwa wa mraba, aina ya mpira, au idadi ya wanaoiba. Kisha dakika nne tena, na hivyo hivyo hadi mizunguko minne. Kati ya mizunguko niliuliza swali moja: ulijuaje kwamba huu ndio wakati wa kuuachia mpira?

Mvulana mmoja alijibu, "Nikiona macho ya Asha, najua yuko tayari." Mwingine: "Mwalimu, ukingoja sana wanakuja wawili." Hayo ni maarifa, na hayakutokana na mimi kuonyesha.

Hesabu tena, kwa makisio yangu ya pembeni mwa uwanja. Pasi moja kwa kila sekunde sita, ukiweka na mipira inayodondoka, ni kumi kwa dakika kwa kila kundi. Gawa kwa wanne walio na zamu ya kupasiana, kila mmoja anapata mbili na nusu. Kwa dakika 16 za mchezo ni kama 40, na hata ukitoa muda ambao mtoto anakuwa upande wa wezi bado anazizidi zile zamu 20 za mstarini. Tena kila moja ilikuwa na uamuzi ndani yake, jambo ambalo mstari haumpi mtoto kamwe, kwa sababu mstarini anajua tayari atamrushia nani na lini.

Yule msichana wa nidhamu nzuri alichagua kundi lenye mpira wa soksi. Hakuna mtu anayeogopa kupigwa usoni na soksi. Wiki ya tatu kundi lao liliomba mpira wa netiboli, na aliyekuja kuuchukua kwangu alikuwa yeye.

Hapa ndipo njia ya tatu inapoharibika

Ningependa kuishia kwenye hadithi hiyo, lakini haikwisha hivyo. Kudaka kwake kulibaki kubovu. Alikuwa anaukumbatia mpira kifuani badala ya kuupokea kwa vidole, na mpira wa netiboli, ulio mzito kuliko soksi, ulimponyoka kila mara. Nilikuwa nimelipenda wazo jipya kiasi cha kuogopa kusahihisha, nikidhani nitamvunja moyo. Mwezi wa pili alianza kurudi nyuma tena. Kujiamini kusikokuwa na mikono inayodaka hakudumu. Nilipomtoa pembeni dakika tano na kumwonyesha (macho yaufuate mpira hadi mkononi, mikono iutangulie mwili, uvute kuja kwako unapougusa) mambo yalibadilika kwa vipindi viwili. Whitehead hakuwahi kusema stadi zisifundishwe. Nilijiongezea mwenyewe.

Kosa la pili ni kuandika lengo lisiloweza kuonekana. "Mwanafunzi aweze kujiamini" si lengo la dakika 40. Huwezi kuliona, na hakuna anayekuwa na hamasa ya maisha ifikapo saa nne na nusu asubuhi. Likiandikwa hivyo, mthibiti ubora atalikata na atakuwa na haki. Dawa ni kutafuta tendo linaloonyesha kwamba jambo la ndani linasogea. Linganisha:

| | Stadi ya mchezo | Stadi za msingi | Kisomo cha mwili |
|---|---|---|---|
| Lengo | Atoe pasi ya kifua 8 kati ya 10 kwa mwenzake aliye mita 4 | Arushe kwa mkono wa juu akitanguliza mguu wa pili | Achague mpira na umbali unaompa kazi, ajaribu tena akikosa, aeleze kwa nini alichagua hivyo |
| Unatazama nini | Mpira umefika? | Mguu na nyonga | Amebadili nini baada ya kukosa? |
| Analinganishwa na | Kipimo cha mchezo | Orodha ya vipengele | Yeye mwenyewe wa wiki iliyopita |

Safu ya kisomo cha mwili inaonekana, inasikika, inaandikika kwenye daftari. Achague, ajaribu tena, aeleze: vitenzi vitatu, na kila kimoja kinagusa upande mmoja wa wazo. Sijaribu kuwaandika wote 48 kwa siku moja. Nachagua wanane kila kipindi, baada ya vipindi sita nimewazungukia wote.

Kosa la tatu ni kuligeuza somo kuwa muda wa kucheza tu. Mwalimu anatupa mpira, anakaa chini ya mwembe, anasema watoto wana uhuru wa kuchagua. Namna ya kuligundua ni rahisi: uliza watoto watatu wamebadili nini leo katika uchezaji wao. Wakikutazama tu, hapakuwa na somo.

Ningechagua ipi

Kwa darasa la kwanza na la pili, njia ya pili, ila bila alama na bila orodha ukutani. Umri huo watoto wanapenda kurudia mwendo kwa ajili ya mwendo wenyewe, na kosa la mguu kwenye kurusha ni rahisi kulirekebisha kabla halijazoeleka.

Kwa timu ya shule saa kumi jioni, njia ya kwanza, bila kuomba radhi. Wamekuja kwa hiari, wako 15, na wanataka kushinda.

Kwa kipindi cha ratiba kuanzia darasa la nne, na zaidi sana sekondari ambako wasichana wengi huanza kukaa pembeni, naandika lengo la kisomo cha mwili juu na stadi moja chini yake. Mpangilio huo una maana. Stadi ikiwa juu, asiyeiweza ameshindwa somo zima. Ikiwa chini, inakuwa chombo cha kumsaidia kufanya alichokichagua. Darasani kwangu kuna mvulana anayetembea kwa magongo mawili. Kwa njia ya kwanza alikuwa mtunza filimbi. Kwa njia ya tatu yeye ndiye aliyeamua kundi lake licheze wakiwa wamekaa chini, na kundi la jirani likaomba kujaribu.

Kama una muda wa kubadili jambo moja tu, usianze na andalio. Nenda ukakae karibu na uwanja wakati wa mapumziko. Utawakuta wakicheza rede: wawili wanarusha kutoka pande mbili, mmoja yuko katikati anajaza chupa mchanga huku akikwepa. Tazama anavyojipinda, anavyosoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujatoka, anavyojadiliana sheria pale chupa inapodondoka. Wengine kati ya hao ndio wanaojirudisha nyuma kwenye mstari wako. Andika majina yao, kisha uone ni kitu gani rede inawapa ambacho kipindi chako hakiwapi. Mimi nilipata vitatu: mpira hauumizi, zamu haisubiriwi, na hakuna mtu mzima anayetazama. Viwili vya kwanza nimevihamishia kwenye somo. Cha tatu bado kinanisumbua, na kwa sasa ninachofanya ni kusimama mbali kidogo katika mzunguko wa kwanza, nikiwa nimelipa mgongo kundi lenye aibu zaidi.